Komamanga Lililogeuka Kitunguu

Wajukuu zangu, siku mkifika kwenye magofu ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, itazameni kwa karibu nguzo iliyo juu ya kaburi. Mtaona vishimo vya mviringo, kila kimoja kipana kama mdomo wa bakuli. Humo yalipachikwa mabakuli ya kauri kutoka China, chokaa ikiwa bado mbichi. Mengi yaling'olewa zamani, yakabaki makovu. Kule Lamu, mabakuli na sahani za namna hiyo zilipangwa kwenye zidaka, vile vishubaka vilivyochongwa ukutani, ili mgeni akiingia azione.

Nyingi kati ya zile za buluu na nyeupe zilitoka mji mmoja, Jingdezhen. Wafinyanzi wa huko walichanganya vitu viwili: udongo mweupe uitwao kaolini, na jiwe laini lililotwangwa likawa unga. Tanuri likifika joto la nyuzi 1300 hivi, lile jiwe huyeyuka kama kioo na kujaza kila upenyo, na ule udongo huzuia chombo kisibonyee. Ndiyo maana kauri ya kweli ni nyeupe mpaka ndani. Ukiinua sahani nyembamba mbele ya taa, unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili.

Na ile buluu? Ni madini ya kobalti. Katika karne ya 14, kobalti iliyo bora ilisafirishwa kutoka Uajemi, kwa hiyo rangi yenyewe ilikuwa msafiri kabla sahani haijasafiri. Mchoraji alipaka juu ya udongo mkavu usiochomwa, na alichokiona mbele yake kilikuwa kijivu kilichofifia. Kisha chombo kilifunikwa kwa uji mwembamba ambao motoni hugeuka kioo. Buluu aliiona siku tanuri lilipofunguliwa.

Sasa twendeni Uholanzi. Mwaka 1603, meli za Waholanzi ziliiteka meli ya Wareno, Santa Katarina, karibu na Singapuri. Shehena yake ilipigwa mnada Amsterdam, na kauri iliyokuwamo iliwatia watu wazimu. Tangu hapo kampuni yao ya biashara ya mashariki ikawa inaleta kauri kwa shehena nzima. Lakini miaka ya 1640 China iliingia vitani, nasaba ya Ming ikaanguka, na mizigo ikapungua. Wanunuzi walikuwepo, sahani hazikuwepo.

Wafinyanzi wa mji wa Delft wakaona nafasi yao. Viwanda vingi vya pombe vya mji huo vilikuwa vimefungwa, wakaingia humo na matanuri yao. Shida ilikuwa moja: kaolini hawakuwa nayo. Udongo wao ukichomwa hutoka wa manjano-manjano.

Basi wakauvika nguo. Walichoma sahani mara ya kwanza, wakaichovya katika uji mweupe wenye madini ya bati, wakaiacha ikauke. Huo weupe mkavu ni kama unga. Brashi ikigusa, rangi inanyonywa papo hapo, na ukikosea hakuna kufuta. Mchoraji alifanyaje? Alitoboa mchoro wake kwenye karatasi kwa sindano, akailaza karatasi juu ya sahani, akaipigapiga kwa kijifuko cha vumbi la makaa. Vumbi lilipita kwenye vitundu, likaacha nukta za kufuata. Sahani ikarudi motoni, na nukta zikaungua zikapotea.

Kwa mbali utadanganyika. Tazama ukingo uliomeguka: nguo nyeupe imetoka, na ule udongo wa manjano uko wazi. Kauri ya Jingdezhen ikimeguka, ndani ni nyeupe vilevile. Mimi siwaiti watu wa Delft waghushi. Baada ya muda walichora meli zao, vinu vyao vya upepo na maua yao ya tulipu kwa buluu ileile.

Kauri ya kweli Ulaya iligunduliwa Ujerumani. Augusto, mtawala wa Saksonia, alimfungia kijana mmoja, Johann Böttger, aliyejigamba kwamba anaweza kutengeneza dhahabu. Dhahabu haikupatikana, lakini yeye na mtaalamu Tschirnhaus walijaribu udongo mmoja baada ya mwingine mpaka siri ikapatikana, na mwaka 1710 kiwanda kikafunguliwa, kikawekwa Meissen.

Wachoraji wa Meissen nao waliiga sahani za China. Walikuta ukingoni makomamanga na mafyulisi, matunda ambayo Wachina huyachora kutakia watu watoto wengi na maisha marefu. Wakayachora kwa mkono wao, na kadiri yalivyonakiliwa, yakazidi kuviringana na kuchongoka juu. Wanunuzi wakayatazama wakaona vitunguu, na mtindo ukaitwa hivyo. Unatengenezwa mpaka leo, na bado unaitwa vitunguu.