Mzee, nyumba hii ukiiuza, nifikirie mimi

Mpangaji mmoja wa Dar es Salaam amekaa kwenye nyumba miaka sita. Anajua paa linavuja wapi na majirani ni watu wa namna gani. Siku anayopeleka kodi, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, anasema: "Mzee, siku ukifikiria kuiuza nyumba hii, naomba uniambie mimi kwanza. Ningependa pia kujua ungeiuza kwa utaratibu gani." Hajataja bei, na amefanya vyema, maana anayetaja kwanza kiasi alichonacho huishia kupangiwa bei kwa kiasi hicho.

Tuseme mzee anataka milioni 60. Mpangaji ana milioni 18, na 42 zilizobaki atalipa milioni moja na nusu kila mwezi, yaani miezi 28. Hapo ndipo wengi hunyamaza wakati wa kuuliza: je, kodi inaendelea? Kama ni 300,000 kwa mwezi, kwa miezi 28 atatoa milioni 8 na laki 4 juu ya bei, na nyumba itakuwa imemgharimu 68.4. Aombe kodi ikome akishalipa malipo ya kwanza, au angalau nusu yake ihesabiwe kwenye bei. Mzee akikubali nusu, milioni 4 na laki 2 zitapungua kwenye deni.

Swali la pili ni gumu kulitamka mbele ya mtu uliyemzoea: nikishindwa katikati, pesa yangu inakuwaje? Liulizwe mapema, wakati bado mnaelewana. Jibu liandikwe kwenye mkataba: kiasi gani kitarudishwa, na ndani ya muda gani. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi. Ahadi ya barazani haitakulinda.

Kabla ya kutoa hata shilingi, omba nakala ya hati ukafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi utaonyesha jina la mmiliki na kama nyumba imewekwa rehani benki. Ukiambiwa kila wiki kwamba hati iko kwa ndugu, subiri na pesa yako. Anayekusanya kodi huenda si mwenye mali. Pengine nyumba ni ya marehemu baba yake, na hapo anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Na kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai ridhaa ya mwenzi. Nimewaona wanunuzi wakifuatilia saini ya mama mwenye nyumba wakati pesa imeshatoka, naye hakuwahi kuulizwa. Mwombeni akae nanyi tangu kikao cha kwanza.

Mzee akisema hauzi, endelea kulipa kodi kwa wakati. Ombi lako amelisikia.