Dipoziti Huanza Kuliwa Siku Unayotia Sahihi

Mpangaji anayepewa mkataba wa nyumba huangalia mambo mawili: kodi ni ngapi na italipwa tarehe ngapi. Kurasa zilizobaki hutiwa sahihi mezani kwa ajenti, funguo zikiwa tayari mkononi na gari la mizigo likisubiri barabarani. Lakini kodi unaijua hata usiposoma. Yanayohitaji kusomwa ni maneno yatakayotumika siku unayohama, nayo yamejificha katika vifungu vitatu: notisi, dipoziti na matengenezo.

Vifungu hivi mara nyingi huwa mbalimbali. Dipoziti iko ukurasa wa kwanza karibu na kodi, matengenezo yako katikati kwenye wajibu wa mpangaji, na notisi iko mwishoni juu ya sahihi. Ukivisoma kimoja kimoja, kila kimoja kinaonekana cha haki. Visome pamoja, kwa sababu siku ya kuondoka hesabu yake ni moja: notisi ikikosewa inakatwa kwenye dipoziti, na matengenezo nayo yanakatwa kwenye dipoziti ile ile.

Tuchukue mfano wa mpangaji wa Bamburi, Mombasa, kwenye nyumba ya chumba kimoja cha kulala. Kodi ni shilingi 18,000 kwa mwezi, na dipoziti aliyotoa alipoingia ni 18,000. Amekaa miaka mitatu na hadaiwi kodi. Tarehe 5 Agosti anamwandikia ajenti ujumbe wa simu kwamba atahama tarehe 5 Septemba. Siku hiyo anahama kweli, analipia siku tano za Septemba, yaani shilingi 3,000, anarudisha funguo na kungoja dipoziti yake. Anacholetewa ni karatasi ya madai: kodi iliyobaki ya Septemba 15,000, rangi 7,000, bomba la sinki 2,500, kitasa 1,500 na bili ya maji 900. Jumla ni 26,900. Dipoziti yote imekwisha, na bado anaambiwa alete 8,900.

Hasira ya kwanza huwa kwenye hiyo 15,000, maana yeye anaamini alitoa notisi ya mwezi mzima. Kifungu cha mkataba wake kinasema hivi: upande unaotaka kuvunja upangaji utatoa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja wa kalenda, itakayokwisha siku ya mwisho ya mwezi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomgharimu. Mwezi wa kalenda unaokwisha mwisho wa mwezi hauhesabiwi kutoka tarehe 5 hadi tarehe 5. Notisi iliyotolewa tarehe yoyote ya Agosti inashika Septemba nzima, kwa hiyo anadaiwa kodi mpaka tarehe 30. Angeipeleka tarehe 31 Julai, angekuwa huru tarehe 31 Agosti. Siku tano tu, na bei yake ni kodi ya karibu mwezi mzima.

Sheria yenyewe inaelekea huko huko. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, katika kifungu cha 57, inasema kwamba upangaji wa kipindi, kama huu wa mwezi kwa mwezi, huvunjwa kwa notisi isiyopungua kipindi hicho, na notisi hiyo ikomee siku ambayo kodi hulipwa. Hata asiyekuwa na karatasi yoyote, aliyepatana kwa mdomo na kulipa kila mwezi, ana haki ya notisi ya mwezi na anadaiwa notisi ya mwezi. Mwenye nyumba anayekwambia toka kesho kwa sababu hamna mkataba amekosea.

Kwenye kifungu hicho angalia pia neno maandishi. Mikataba mingine inataja barua ipelekwe ofisi gani, mingine imekaa kimya. Kama barua imetajwa, ujumbe wa simu unampa ajenti nafasi ya kusema hakupata notisi. Andika nakala mbili, upeleke mwenyewe, moja ipigwe muhuri au itiwe sahihi na tarehe, na hiyo urudi nayo nyumbani. Kisha tazama kama notisi ni sawa kwa pande zote. Nimesoma mikataba ambayo mpangaji anatakiwa kutoa miezi miwili na mwenye nyumba mwezi mmoja, na mingine inayomruhusu mwenye nyumba kukutoa mara moja kodi ikichelewa siku saba. Na kama mkataba ni wa muda maalum, tuseme mwaka mmoja, tafuta kama kuna mahali panapokuruhusu kuondoka kabla ya mwaka kwisha. Pasipokuwepo, unaweza kudaiwa kodi ya miezi iliyosalia hata ukitoa notisi.

Sasa matengenezo, na hapa ndipo pesa nyingi za wapangaji zinapotea bila haja. Mkataba wa mfano wetu unasema mpangaji atatunza sehemu za ndani, pamoja na vifaa vya maji na stima, na kuirudisha nyumba katika hali aliyoikuta. Ajenti anayasoma maneno hayo kana kwamba kila kilichoharibika ndani ya kuta nne ni cha mpangaji. Sivyo. Sheria hiyo hiyo ya Ardhi, kifungu cha 65, inamwekea mwenye jengo lenye wapangaji wengi wajibu wa kutunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mitaro mikuu ya maji taka, na sehemu za pamoja kama ngazi na vijia. Kifungu cha 66 kinamtaka mpangaji airudishe nyumba kama alivyoikuta, lakini kinamwondolea uchakavu wa kawaida.

Chukua lile sinki. Maji yalikuwa hayashuki, fundi akaja akafungua na kudai 2,500. Swali la kuuliza ni kizuizi kilikuwa wapi. Chini ya sinki kuna bomba lililopinda linalobakisha maji ili harufu isipande. Likijaa mafuta na mabaki ya chakula, hilo ni la mpangaji, na huhitaji hata fundi: unaweka ndoo chini, unalifungua kwa mkono na kulisafisha. Lakini bomba likishaingia ukutani na kuungana na la majirani, halimhusu tena mtu mmoja. Dalili yake ni rahisi kuiona. Fungua maji sinki la jirani wa juu. Kama ya kwako yanapanda, tatizo liko kwenye bomba la pamoja, na hilo ni la mwenye jengo. Kwenye mfano wetu ndivyo ilivyokuwa, na mpangaji hakupaswa kulipa hiyo 2,500.

Kitasa nacho kina hadithi ya pwani. Nyumba zilizo karibu na bahari hupigwa na hewa ya chumvi mwaka mzima. Bawaba zinashika kutu, vyuma vya madirisha vinamenyeka rangi, na vitasa vya bei nafuu vinakwama bila mtu kuvigusa vibaya. Kitasa kilicholiwa na kutu kimechakaa. Kilichovunjwa kwa sababu funguo zilipotea ni cha mpangaji. Kitasa kikitolewa, kiangalie ndani kabla hakijatupwa, na ukipige picha: kutu inaonekana, na chuma kilichopindwa kwa nguvu pia kinaonekana.

Rangi ni jambo jingine, na sitaki kumpa mtu matumaini ya uongo. Baada ya miaka mitatu ukuta kufifia ni uchakavu wa kawaida. Lakini mikataba mingi ya Mombasa na Nairobi ina sentensi inayosema waziwazi kwamba mpangaji atapaka rangi nyumba nzima kabla ya kuhama, au atakatwa gharama yake. Ukishatia sahihi chini ya sentensi hiyo, hoja ya uchakavu inakuwa ngumu. Ya mfano wetu ilikuwemo. Kwa hiyo wakati wa kubishana juu ya rangi ni kabla ya kuingia. Omba sentensi iongezwe kwamba utapaka tu palipochafuliwa kupita matumizi ya kawaida, au kwamba fundi utamtafuta mwenyewe, maana fundi wa ajenti huwa na bei yake.

Tukirudi kwenye karatasi ya madai, tunaona sura nyingine. Bili ya maji 900 ni halali, ameyatumia. Kodi 15,000 ni halali kwa maneno ya notisi. Rangi 7,000 ni halali kwa maneno ya mkataba. Sinki na kitasa, jumla 4,000, zinaondoka. Deni la 8,900 linashuka hadi 4,900. Lakini kama angeandika notisi tarehe 31 Julai na kuhama tarehe 31 Agosti, na sentensi ile ya rangi ikawa imeondolewa mwanzoni, angekatwa maji tu na kurudishiwa 17,100.

Ndiyo maana kifungu cha dipoziti chenyewe kinasomwa mwisho, ukiwa na viwili vile kichwani. Kiulize mambo machache. Itarudishwa lini? Ndani ya siku 30 ni jibu; baada ya nyumba kupata mpangaji mwingine si jibu, kwa sababu huna uwezo wowote juu ya siku hiyo. Nani anaishika, ajenti au mwenye nyumba, na jengo likiuzwa nani atakulipa? Makato yatathibitishwa kwa risiti, au kwa neno la ajenti peke yake? Na je, inaruhusiwa kuhesabiwa kama kodi ya mwezi wa mwisho? Wengi hufanya hivyo kwa mazoea, lakini mikataba mingi inakataza, na anayekaa mwezi wa mwisho bila kulipa huhesabiwa kuwa na deni.

Siku ya kupokea funguo piga picha za kila chumba, mita ya maji na mita ya stima, na ufa wowote uliokuta, kisha uzitume kwa ajenti siku hiyo hiyo ili zibaki na tarehe. Neno lolote mlilokubaliana kubadilisha likatwe kwa kalamu kwenye nakala zote mbili, na kila upande utie sahihi pembeni yake. Ahadi ya mdomo kutoka kwa ajenti haitakuwepo siku ya hesabu, na ajenti mwenyewe huenda akawa mwingine.

Dipoziti ikizuiliwa bila sababu, anza na barua ya madai inayotaja kiasi, kifungu cha mkataba na siku za kujibu. Baraza la kodi za nyumba linaloundwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, linahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho nyumba nyingi za mjini zimekwisha kukipita. Kwa walio juu ya hapo, Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni moja, mdai anaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka shauri limalizwe ndani ya siku 60. Utakavyobeba ni vitu vinne: mkataba, risiti ya dipoziti au ujumbe wa M-Pesa, nakala ya notisi yenye muhuri, na zile picha.