Ofa Mbili za Kazi, Jedwali Moja

Mhasibu kijana anayeishi Mbagala, Dar es Salaam, ameitwa kazini na kampuni mbili ndani ya wiki moja. Ya Mikocheni inatoa mshahara ghafi wa Sh 1,500,000 kwa mwezi. Ya Kurasini inatoa Sh 1,200,000, lakini imeahidi kumlipia ada za mitihani ya CPA na kumweka chini ya mhasibu mkuu atakayemfundisha kazi. Nyumbani wameshaamua: laki tatu haziachwi.

Mfano huu ni wa kutunga, ila makato yake ni ya kweli, na ndiyo ya kuanza nayo. NSSF inachukua asilimia 10 ya mshahara, kisha kodi ya PAYE inakatwa kwenye kinachobaki. Kwa Mikocheni, laki moja na nusu inakwenda NSSF na Sh 233,000 kwenye kodi. Mkononi inaingia Sh 1,117,000. Kwa Kurasini inaingia Sh 928,000. Ondoa nauli ya siku 22: Mikocheni ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi, Sh 2,800 kwa siku, na Kurasini ni gari moja, Sh 1,200 kwenda na kurudi. Zinabaki Sh 1,055,400 dhidi ya Sh 901,600. Laki tatu zimeshuka hadi laki moja na nusu na ushee.

Sasa jedwali linaweza kuchorwa. Kila kigezo kinapewa kipimo cha 0 hadi 10, na maana ya namba hizo inaandikwa kabla ya kugawa alama. Kijana huyu ameamua kwamba kubaki na Sh 700,000 ni sifuri, maana chini ya hapo kodi ya nyumba na chakula havitoshi, na Sh 1,200,000 ni kumi. Kwa usafiri, saa tano barabarani kwa siku ni sifuri, na kila nusu saa inayopungua inaongeza alama moja. Mikocheni ni saa nne kwenda na kurudi, Kurasini saa moja na nusu. Hapa unahesabiwa muda peke yake, kwa sababu nauli imeshatolewa kwenye mshahara. Kuihesabu tena ni kuiadhibu Mikocheni mara mbili.

Uzito ndio unaowasumbua wengi. Ukiuliza kipi ni muhimu zaidi, karibu kila mtu atataja mshahara, na jibu hilo halisaidii. Ni afadhali kujiuliza hivi: kama ningeruhusiwa kupanda kutoka sifuri hadi kumi kwenye kigezo kimoja tu, ningechagua kipi? Nusu milioni zaidi kila mwezi, au saa tano za kila siku kurudi mikononi mwangu? Kijana amechagua fedha kwanza, kukua kikazi kwa karibu sana, kisha usafiri. Akagawa alama mia moja hivi:

| Kigezo | Uzito | Mikocheni | Kurasini |
|---|---|---|---|
| Kipato | 40 | 7 | 4 |
| Usafiri | 25 | 2 | 7 |
| Kukua kikazi | 35 | 5 | 8 |
| Jumla | 100 | 505 | 615 |

Kila alama inazidishwa kwa uzito wake, kisha zinajumlishwa. Kurasini inaongoza kwa 110.

Mtu makini haishii hapo, kwa sababu uzito ni makadirio yake mwenyewe. Anaubadilisha na kuhesabu upya. Kipato kikipewa 50, usafiri 20 na kukua 30, Kurasini bado iko mbele, 580 kwa 540. Kikipewa 60, na vingine 15 na 25, Mikocheni inapita kwa 575 dhidi ya 545. Kwa hiyo mwenye wadogo zake wa kusomesha anaweza kuchagua Mikocheni bila kukosea hesabu.

Ile alama ya 8 ndiyo inayotia wasiwasi zaidi. Mshahara umeandikwa kwenye barua, na safari inaweza kujaribiwa asubuhi ya Jumatatu kwenye foleni yenyewe, lakini kukua kikazi kumeegemea maneno ya kwenye usaili. Ishushe hadi 5, na Kurasini inabaki na 510 dhidi ya 505, tofauti isiyoweza kuamua lolote. Kabla ya kusaini, kijana ana maswali mawili ya kuipelekea Kurasini: je, ada za CPA zitaandikwa kwenye mkataba, na je, akiacha kazi mapema atatakiwa kuzirudisha? Pia amtafute mtu aliyewahi kufanya kazi katika idara ile, amuulize alikaa miaka mingapi kabla ya kupandishwa cheo. Majibu hayo ndiyo yatakayoonyesha kama 8 inabaki 8.