Damu ya Hudhurio la Kwanza

"Sista, mbona mnatutoa damu nyingi hivyo? Mnaipeleka wapi?"

Swali hilo liliulizwa kabla mkunga hajamaliza salamu, na wenzake muulizaji walicheka, ila walicheka kama watu ambao nao walikuwa wakitaka kuuliza. Tulikuwa kwenye kliniki ya wajawazito katika kituo cha afya kimoja mkoani Tanga, wote wakiwa wa hudhurio la kwanza. Mkunga aliinua kichupa kitupu cha maabara. Damu inayoingia humu, alisema, haijazi kijiko cha chai, na mjamzito ana takriban lita tano mwilini. Nyingine ni tone tu la kidoleni. "Hakuna anayeiuza, mama zangu. Tunaiuliza maswali, kisha tunaitupa."

Alianza na wingi wa damu, kwa kuwa ndicho kipimo ambacho wengi hudhani wanakijua. Mtu huangaliwa ndani ya kope na viganja, akiwa mweupe anaambiwa hana damu. Mkunga anasema macho hukamata aliyepungukiwa sana, lakini aliyepungukiwa kiasi humpita. Ndiyo maana kidole huchomwa, tone la kwanza likafutwa, na linalofuata likaingizwa kwenye kimashine kinachotoa namba. Hapo alimgeukia mwanafunzi wa uuguzi aliyekaa kando: kidole kisikamuliwe. Kikikamuliwa, majimaji ya nyama huchanganyika na damu na namba ikashuka, mama akatishwa bure.

Mstari wa chini kwa mjamzito katika miezi mitatu ya kwanza ni gramu 11 kwa desilita. Chini ya 7 ni hatari, na huyo hupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Katikati ya mimba namba hushuka kidogo hata kwa mwenye afya, kwa sababu maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe zenyewe. Ndiyo sababu mojawapo ya kupima mapema: bila namba ya mwanzo, mtu hawezi kujua huo mteremko umetokea wapi.

Mama mmoja alikubali kadi yake isomwe mbele ya wenzake. Mimba ya wiki 13, ya pili. Ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi minne. Wingi wa damu 9.2. Kundi la damu O, na pembeni yake alama ya kutoa.

Kwa hiyo 9.2, mkunga hakuwa na maneno mengi. Badala ya kidonge kimoja cha fefo kwa siku, viwili, kisha apimwe tena baada ya wiki nne. Dawa ikifanya kazi, namba inatakiwa ipande kwa takriban gramu moja. Isipopanda, kuna kitu cha kutafutwa: minyoo, malaria, selimundu, au vidonge vimebaki kabatini kwa sababu vinatia kichefuchefu na kufanya choo kiwe cheusi. (Choo cheusi hakina ubaya wowote, ni rangi ya chuma.) Kuna na sababu nyingine ambayo iliamsha minong'ono ukumbini, nayo ni chai. Ukimeza fefo na chai, chuma kingi kinanaswa tumboni bila kufika kwenye damu. Vimezwe na maji, au na juisi ya chungwa au limau, na chai ikae mbali kwa saa moja au mbili.

Muda mwingi zaidi ulikwenda kwenye ile alama ya kutoa. Wengi hukariri herufi ya kundi lao na kuiacha alama, na kwa mjamzito alama ndiyo yenye habari. Alama ya kujumlisha, yaani chanya, maana yake chembe za damu zina kitu fulani juu yake, hasi, hazina. Wenye damu hasi huku kwetu ni wachache, katika watu mia hawafiki kumi. Mama mwenye damu hasi akizaa na mwanamume mwenye damu chanya, mtoto anaweza kurithi chanya. Wakati wa kujifungua, damu kidogo ya mtoto huvuka na kuingia kwa mama. Mwili wa mama huiona ni ngeni, nao hutengeneza kingamwili za kuipiga. Mtoto huyo wa kwanza kwa kawaida hupona, maana ameshatoka. Kingamwili, hata hivyo, hubaki, na mimba inayofuata yenye damu chanya huzikuta tayari. Huvuka kondo na kuzivunja chembe za damu za mtoto, naye huzaliwa na manjano makali na upungufu wa damu, au hufia tumboni.

"Na ile iliyotoka?" aliuliza mwenye kadi. "Nayo inahesabika?"

Inahesabika. Mimba ya miezi minne ikitoka, damu inaweza kuvuka vilevile. Kwa hiyo mpango wake ulikuwa huu: kwanza mume aje apimwe kundi. Naye akiwa hasi, mtoto wao atakuwa hasi na jambo hilo limekwisha. Akiwa chanya, damu ya mama inapelekwa kupimwa kama tayari ina kingamwili. Ikiwa haina, ipo sindano iitwayo anti-D, ambayo huchomwa karibu na wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ni chanya. Sindano hiyo huzuia kingamwili zisiundwe. Zikiwa zimeshaundwa, haizifuti, na mama hufuatiliwa hospitali ya rufaa hadi mwisho. Mkunga hakuficha kwamba ni sindano ghali na haikai kwenye kila kituo. Kujua wiki ya 13 kunampa mtu miezi ya kuitafuta; kujua leba kunamwachia siku tatu.

Kipimo cha kaswende na virusi vya UKIMWI siku hizi mara nyingi huwa kwenye kibao kimoja, chenye mstari wa kuhakiki na mistari miwili ya majibu. Mstari wa kuhakiki usipotokea, kibao kimeharibika na kipimo hurudiwa. Mstari wa virusi ukitokea, si jibu la mwisho. Vipimo vya aina nyingine hufuata kwanza. Usipotokea, kipimo hurudiwa miezi ya mwisho ya mimba, kwa kuwa maambukizi ya wiki chache zilizopita huenda bado hayaonekani. Kaswende hutibiwa kwa penisilini ya sindano, na mume hutibiwa pia, la sivyo inarudi. Ili mtoto ahesabiwe kuwa naye ametibiwa, mama awe amepata dawa angalau siku 30 kabla ya kuzaa. Aliyewahi kutibiwa azitunze kumbukumbu zake: mstari wa kaswende huendelea kutokea miaka mingi baada ya kupona.

Malaria ilipata dakika mbili tu. Kipimo cha kidole kinaweza kusema hakuna wakati vimelea vimejificha kwenye kondo, na ndiyo maana vidonge vya kinga vya SP hutolewa kuanzia miezi mitatu ya mimba kupita, hata kwa asiyeumwa. Wanaotumia kotrimoksazoli hawapewi.

Msomaji uliye na kadi ya kliniki nyumbani, itazame sasa sehemu ya kundi la damu. Ukikuta herufi peke yake bila alama, rudi ulikopimiwa ukaulize: chanya au hasi?