Hati Isiyofunguka: Mwaliko, Kiungo na Ruhusa

Mwalimu wa fizikia ameandaa jedwali la vipimo vya pendulamu katika Google Drive, naye anataka wanafunzi wake wa kidato cha tatu wajaze matokeo yao humo. Amewapelekea wote mwaliko. Wengi wanafungua na kuandika. Mwanafunzi mmoja, hata hivyo, anabofya kiungo kile kile na kukuta ukurasa mtupu wenye maneno *You need access*, yaani unahitaji ruhusa. Mwalimu anaapa kwamba amemwalika. Mwanafunzi anaapa kwamba hakualikwa. Wote wawili wanasema kweli. Ili kufahamu jinsi jambo hili linavyowezekana, hatuna budi kuchunguza ni nini hasa kinachofungua hati ya namna hii.

Kila hati iliyohifadhiwa katika Google Drive ina kitambulisho chake, nacho huonekana katikati ya anwani yake ya mtandao:

```
https://docs.google.com/spreadsheets/d/KITAMBULISHO/edit
```

Kitambulisho hicho ni mfululizo mrefu wa herufi, tarakimu, kistari na mstari wa chini. Kazi yake ni kuieleza kompyuta ya mbali ni hati ipi inayotakiwa. Haielezi ni nani anayeitaka. Swali hilo la pili hujibiwa na orodha ya majina ambayo mwenye hati ameiweka, na majina hayo ni anwani za barua pepe. Katika hali ya kawaida, ambayo skrini huiita *Restricted*, mlango hufunguliwa kwa yule tu ambaye akaunti yake imo katika orodha. Barua ya mwaliko, basi, si ufunguo. Ni taarifa tu kwamba jina fulani limeandikwa. Ndiyo maana mwanafunzi akimpelekea mwenzake barua hiyo, mwenzake hataingia: orodha haikubadilika.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu. Yeye ana akaunti mbili. Ya kwanza ni ya Gmail aliyojifungulia mwenyewe, nayo ndiyo iliyomo katika simu ya nyumbani. Ya pili alipewa na shule. Mwalimu aliandika anwani ya shule. Mwanafunzi alipobofya kiungo kwa simu ile, kompyuta ya mbali iliitazama akaunti iliyokuwa wazi wakati huo, ikaitafuta katika orodha, na haikuiona. Kwake yeye ni mtu mmoja mwenye anwani mbili. Kwa kompyuta ni watu wawili, na mmoja wao hakualikwa.

Dalili ya kosa hili iko kwenye ukurasa ule ule wa kukataliwa, ambao aghalabu huonyesha anwani ya akaunti inayotumika. Mwanafunzi ailinganishe na anwani iliyopokea mwaliko, herufi kwa herufi. Zikitofautiana, dawa ni kubadili akaunti kwa kubofya picha au herufi iliyo katika duara upande wa juu kulia, au kufungua dirisha la faragha la kivinjari, ambalo Chrome huliita *Incognito*, na kuingia humo kwa akaunti iliyoalikwa peke yake. Dirisha hilo halibebi kumbukumbu za akaunti nyingine zilizokwisha kufunguliwa, kwa hiyo mkanganyiko hauwezi kutokea.

Wengi hupendelea njia fupi zaidi: hubonyeza *Request access* na kungoja. Mwalimu hupata ombi, hulikubali, na hati hufunguka. Lakini tuangalie kilichotendeka. Anwani ya pili imeongezwa katika orodha, na ile ya kwanza haikuondoka. Siku mwalimu atakapotaka kumwondoa mwanafunzi huyo katika hati, itampasa kufuta majina mawili. Akifuta moja tu, mlango wa pili utabaki wazi.

Si kila kukataliwa ni suala la ruhusa. Ukurasa ukisema *Sorry, the file you have requested does not exist*, maana yake ni kwamba hati haikupatikana kabisa. Mara nyingi sababu ni kiungo kilichokatika wakati wa kunakiliwa, au hati iliyofutwa. Hapo kuomba ruhusa hakusaidii. Mwenye hati atume kiungo upya. Tofauti ya jumbe hizi mbili inafaa kukumbukwa: ya kwanza yasema mlango upo nawe huna haki ya kupita, ya pili yasema hakuna mlango mahali hapo.

Mwalimu aliyechoshwa na maombi hayo huenda akachagua hali nyingine, *Anyone with the link*. Hapa orodha ya majina haiangaliwi tena kwa wanaokuja na kiungo. Kitambulisho chenyewe kimekuwa ufunguo. Je, mtu hawezi kukibahatisha? Alama zinazotumika ni 64: herufi kubwa 26, ndogo 26, tarakimu 10, kistari na mstari wa chini. Tuseme kwa tahadhari kwamba ni nafasi 20 tu za kitambulisho zisizotabirika. Idadi ya vitambulisho vinavyowezekana ni 64 kwa kipeo cha 20, namba yenye tarakimu 37. Kompyuta inayojaribu 1,000,000,000 kila sekunde haingevimaliza hata katika mabilioni ya miaka.

Hatari, basi, haitokani na kubahatisha bali na kusambaza. Kiungo kikishatumwa katika kundi la darasa, mtu yeyote aweza kukipeleka kwingine, na kila atakayekipokea ataingia bila kuulizwa jina. Atakalotenda akishaingia hutegemea daraja la ruhusa: *Viewer* husoma tu, *Commenter* huongeza maoni, *Editor* hubadili yaliyomo. Jedwali la pendulamu likisomwa na jirani hapana madhara. Lakini mwalimu akiweka alama za mtihani katika hali hiyo, kwa daraja la *Editor*, mwanafunzi yeyote mwenye kiungo aweza kubadili 38 kuwa 83. Mwalimu akitambua na kurudisha *Restricted*, kiungo kile kile kitawafungia wasiomo katika orodha. Nakala zilizokwisha kupakuliwa, hata hivyo, hazirudi.

Upo pia mpaka ambao mwalimu hawezi kuuvuka peke yake. Ikiwa hati ni mali ya akaunti ya shule, msimamizi wa mfumo wa shule aweza kuzuia hati kutoka nje. Hapo anwani ya Gmail ya mwanafunzi hukataliwa inapoandikwa, na mahali pa *Anyone with the link* huonekana jina la shule tu. Kurudia mwaliko mara kumi hakubadilishi kitu; ama mwanafunzi atumie akaunti ya shule, ama msimamizi alegeze kanuni.

Kabla ya kutuma hati yoyote, mwenye nayo aweza kuijaribu kwa dakika moja. Anakili kiungo, afungue dirisha la faragha, akibandike humo bila kuingia katika akaunti yoyote. Hati ikifunguka, iko wazi kwa kila mwenye kiungo. Ikidai kwanza aingie katika akaunti, haiko wazi kwa kila mwenye kiungo. Mwalimu wetu akilifanya jaribio hili kwa jedwali la pendulamu na kwa orodha ya alama, la kwanza laweza kufunguka bila neno. La pili halipaswi kufunguka.