Vipimo viwili vya shinikizo, na joto linalomezwa na chokaa

Majumba ya mawe ya Lamu, Kilwa na Unguja yalijengwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe. Mafundi walipanga magogo, wakarundika matumbawe juu yake, wakawasha moto. Kemia ya moto ule ni fupi: kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo jiwe lenyewe, huvunjika ikabaki kalsiamu oksaidi, yaani chokaa ambayo haijazimwa kwa maji. Gesi ya kabonidayoksaidi hutoka ikaenda zake.

CaCO₃ ⇌ CaO + CO₂

Kila aliyewahi kulisha tanuu la chokaa anajua kwamba kazi hii inakula kuni. Sehemu ya joto la kuni hizo hupotelea hewani, sehemu hulipasha jiwe moto, na sehemu humezwa na mmenyuko wenyewe. Hicho kiasi cha mwisho ndicho wakemia wanachokiita enthalpia ya mmenyuko, na wanakiandika ΔH. Tutakipataje? Kukipima moja kwa moja kungetaka kalorimita inayofanya kazi sawasawa katika nyuzi mia nane au mia tisa za Selsiasi, na chombo cha namna hiyo ni cha gharama na kina makuu yake. Lakini ipo njia isiyogusa joto kabisa. Unapima shinikizo la gesi katika halijoto mbili, kisha unapiga hesabu.

Njia hiyo inasimama juu ya jambo alilolionyesha Mfaransa Henri Debray mwaka 1867. Ukiliweka jiwe la chokaa ndani ya mrija uliofungwa na kuondolewa hewa, kisha ukaupasha moto, kabonidayoksaidi itajaa mpaka ifikie shinikizo fulani, halafu itasimama hapo. Shinikizo hilo halijali umeweka jiwe kubwa au dogo. Linafuata halijoto tu. Hapo mmenyuko umefika kwenye msawazo: kadiri gesi inavyotoka kwenye jiwe, ndivyo inavyorudi kuungana na chokaa. Kwa kuwa jiwe na chokaa vyote ni yabisi, haviingii kwenye hesabu ya thabiti ya msawazo, K. Inabaki gesi peke yake, na K inakuwa ni shinikizo lake likigawanywa kwa kilopaskali 100. Ndiyo maana nimeuchagua mmenyuko huu: K yake inasomwa kwenye kipima shinikizo.

Mwaka 1884 Mholanzi Jacobus van 't Hoff, ambaye mwaka 1901 alikuwa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia, alieleza uhusiano wa K na halijoto. Mmenyuko unaomeza joto husonga mbele halijoto ikipanda, kwa hiyo K yake hukua. Ule unaotoa joto hurudi nyuma, na K yake hupungua. Na kadiri joto linalohusika lilivyo kubwa, ndivyo K inavyobadilika kwa kasi. Basi kasi ya mabadiliko ya K inatosha kutuambia joto lenyewe:

ΔH = R × ln(K₂/K₁) ÷ (1/T₁ − 1/T₂)

Humo R ni 8.314, ln ni logi asilia inayopatikana kwenye kikokotoo chochote cha shuleni, na T ni halijoto kwa kelvini, yaani Selsiasi ukiongeza 273.15.

Tuchukue vipimo vilivyomo kwenye majedwali ya kemia. Katika nyuzi 680, shinikizo la msawazo ni kilopaskali 1.80. Katika nyuzi 898 ni kilopaskali 101, karibu sawa na shinikizo la hewa ya pwani. Halijoto hizo kwa kelvini ni 953.15 na 1171.15. Uwiano wa K ni 101 kwa 1.80, yaani 56.1, na logi yake ni 4.03. Tofauti ya vigawo, 1/953.15 kutoa 1/1171.15, ni 0.0001953. Zidisha 4.03 kwa 8.314, gawanya kwa tofauti hiyo, utapata juli 171,000 na ushei kwa moli. Tuseme kilojuli 171. Moli moja ya jiwe hili ni gramu 100, kwa hiyo kila kilo ya jiwe humeza kilojuli 1,710 hivi kwa kule kuvunjika tu.

Kosa la kwanza la wanafunzi ni kusahau kelvini. Ukiingiza 680 na 898 kama zilivyo, jibu linatoka kilojuli 94. Ubaya wa kosa hili ni kwamba jibu lake halichekeshi. Lina sura ya jibu la kweli, na mtu asiyelijua jiwe atalipokea.

Kosa la pili halionekani kirahisi, na mimi naliona ndilo kubwa zaidi: kuchagua halijoto zilizokaribiana. Jedwali lilelile linasema kilopaskali 72 katika nyuzi 871, na 80 katika nyuzi 881. Ukitumia hizo mbili unapata kilojuli 116. Vipimo ni vya jedwali moja, kanuni ni ileile, na jibu limepungua kwa thuluthi! Sababu ni kwamba tofauti ya 72 na 80 ni ndogo, na kosa dogo la kipimo hulimeza sehemu kubwa yake. Kama ile 72 ingesomwa 70, jibu lingeruka hadi 147. Kosa la kiasi hichohicho, asilimia tatu hivi, likiingia kwenye ile 101 ya hesabu yetu ya kwanza, jibu linasogea kwa kilojuli moja na kitu.

Je, tuzitenganishe halijoto kadiri tuwezavyo? Hapana, kuna mpaka. Kanuni inachukulia kwamba ΔH haibadiliki kati ya halijoto zile mbili, na kwa kweli inabadilika polepole. Majedwali yanaitaja kuwa kilojuli 178 katika nyuzi 25. Kwenye joto la tanuu inashuka, kwa sababu huko juu chokaa na gesi kwa pamoja zinahifadhi joto dogo kuliko jiwe zilikotoka. Jibu letu la 171 ni wastani wa kati ya nyuzi 680 na 898, na halipaswi kulazimishwa kufanana na 178.

Na kabla ya hesabu yoyote, hakikisha msawazo umefikiwa kweli. Nyonya gesi kidogo kutoka kwenye mrija, ungoje. Kisha ongeza gesi kidogo, ungoje tena. Shinikizo likirudi palepale kutoka pande zote mbili, kipimo ni halali. Lisiporudi juu baada ya kunyonya, huenda jiwe limekwisha lote likawa chokaa, na namba unayoisoma si K tena.

Ukishaipata ΔH, kanuni hiyohiyo inafanya kazi kinyumenyume. Nairobi iko juu ya bahari, na hewa yake ina shinikizo la kilopaskali 83 hivi. Weka 83 badala ya 101, weka 171 ya ΔH, utafute halijoto. Gesi ya jiwe inafikia shinikizo la hewa ya Nairobi katika nyuzi 885 hivi, nyuzi 13 chini ya zile za Mombasa.