Nakala ya Pili Iende Kajiado

Stima ilipotea Kitengela saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya mwisho wa mwezi. Kajiado mjini, kilomita kama 50 kusini ukifuata barabara ya Namanga, taa ziliendelea kuwaka, na hapo ndipo hasara yetu ilipoanzia.

Chama chetu cha akiba na mikopo kina ofisi kuu Kitengela na tawi Kajiado. Akaunti zote za wanachama ziko kwenye hifadhidata moja, nami ndiye ninayeitunza. Siku hiyo ilikuwa na mashine mbili ndani ya chumba kimoja: mashine kuu inayopokea miamala, na ya pili iliyobeba nakala hai, yaani inayofuata kila badiliko la mashine kuu muda wote. Kila moja ilikuwa na betri yake ya akiba. Jenereta ilikataa kuwaka. Betri ya mashine ya nakala, iliyokuwa imechakaa, ikaisha kwanza. Mashine kuu iliendelea kwa dakika nne zaidi, ikihudumia makeshia wa Kajiado ambao hawakujua lolote, kisha nayo ikazimika. Stima iliporudi mchana, diski ya mashine kuu haikuamka.

Tukaipandisha nakala kuwa mashine kuu, na saa nane u nusu kaunta zikafunguliwa. Ofisini watu walipongezana. Kisha keshia wa Kajiado akapiga simu: kuna mzee ameketi mbele yake tangu asubuhi, ameweka pesa za fahali wawili, risiti anayo mkononi, lakini kwenye skrini salio lake ni lile la jana. Tulipohesabu tulipata risiti 19 za namna hiyo, zote za zile dakika nne. Tuliziingiza upya kwa mkono, moja moja, keshia akitusomea namba kwa simu.

Waraka niliouandikia uongozi kuomba nakala ya pili ulianza na risiti hizo 19, na namshauri yeyote anayeandika waraka wa aina hii aanze na kitu kama hicho. Meneja wetu wa fedha alikuwa ameniuliza swali la haki kabisa: "Si mlituambia tuna nakala?" Nikamjibu, "Tunayo, Mama. Lakini ni moja." Waraka mzima ni maelezo ya jibu hilo.

Tuanze na namna risiti zilivyopotea. Programu yetu ni PostgreSQL, na kwa kawaida yake mashine kuu huandika muamala kwenye diski yake, humjibu keshia kwamba tayari, ndipo habari hiyo huifikia nakala. Haimsubiri mwenzake. Siku nyingi pengo hilo ni sehemu ndogo ya sekunde na hakuna anayeliona. Lakini nakala ikizimika, mashine kuu huendelea kusema "tayari" kana kwamba hakuna kilichotokea, na kila risiti inayochapishwa kuanzia hapo inategemea diski moja.

Unaweza kuiamuru isubiri: isiseme "tayari" mpaka nakala ithibitishe kuwa imeandika. Tungekuwa tumefanya hivyo, risiti zile 19 zisingechapishwa. Skrini za Kajiado zingeganda, na mzee angebaki na pesa zake mfukoni. Basi kwa nini hatukufanya? Kwa sababu ukiwa na nakala moja tu, amri hiyo inageuza kila hitilafu ya nakala kuwa hitilafu ya chama kizima. Nikiizima nakala nusu saa kuiwekea programu mpya, makeshia wote wanakaa bure nusu saa. Kwa hiyo mwenye nakala moja huchagua kati ya kazi kusimama na rekodi kupotea. Nakala mbili ndizo zinazomtoa kwenye uchaguzi huo, kwa mstari mmoja wa mpangilio:

```
synchronous_standby_names = 'ANY 1 (kitengela_b, kajiado)'
```

Maana yake: subiri uthibitisho wa nakala yoyote moja kati ya hizi mbili. Rudia asubuhi ile ukiwa na mstari huo. Betri ya kitengela_b inaisha. Mashine kuu inaendelea kwa kuwa Kajiado inathibitisha. Dakika nne baadaye mashine kuu inakufa, na risiti zote 19 ziko kwenye diski iliyo Kajiado, jengo lenye stima, hatua chache kutoka alipoketi mzee.

Hoja ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi kueleweka, kwa sababu ilihusu muda ambao kila mtu aliona mambo yameisha. Kaunta zilifunguliwa saa nane u nusu. Diski mpya ilipatikana Nairobi kesho yake asubuhi, ikafungwa, na kunakili data kukafanywa polepole ili makeshia wasicheleweshwe. Tulimaliza saa kumi u nusu jioni. Hizo ni saa 26 ambazo akiba zote zilikuwa juu ya mashine moja, ile ile ambayo betri yake ilikuwa imetuangusha. Nakala moja, siku unapoitumia, inaacha kuwa nakala. Umebaki na mashine kuu peke yake, na watu wamechoka na wana haraka.

Hatari ya kipindi hicho si ya kubuni. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani kote, ilikuwa na mpangilio kama wetu: mashine kuu moja na nakala moja. Mzigo ulizidi, nakala ikaachwa nyuma kiasi cha kutoweza kufuata tena, kwa maana kumbukumbu za mabadiliko ilizokuwa inazihitaji zilikwisha kufutwa kwenye mashine kuu. Ikabidi ijengwe upya. Usiku, mhandisi aliyekuwa akihangaika nayo alitaka kusafisha saraka ya data kwenye nakala, lakini alikuwa ameingia kwenye mashine kuu. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili akakatiza amri. Katika gigabaiti kama 300 zilikuwa zimebaki kama 4.5. Nakala rudufu walizodhani zinawekwa kila siku hazikuwepo, kwa sababu programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata na ilikuwa ikishindwa kimya kimya. Waliokolewa na picha ya diski iliyochukuliwa saa sita kabla kwa kazi nyingine, na data ya saa hizo sita ikapotea. Kampuni ilieleza kila kitu hadharani, na ndiyo maana tunaweza kujifunza. Nionavyo mimi, simlaumu mhandisi yule. Mpangilio wenye nakala moja ulimfikisha mahali ambapo kosa la sekunde moja halikuwa na pa kuangukia.

Sasa kwa nini Kajiado, na siyo rafu ya chini ya chumba kile kile? Nakala ya pili ndani ya chumba hicho ingekufa na jenereta ile ile. Kilomita 50 haziicheleweshi kazi: mwanga huenda na kurudi ndani ya faiba kwa takriban nusu milisekunde, na hata ukiongeza vifaa vya njiani keshia hahisi. Kinachochelewesha ni kuipeleka data yote mara ya kwanza. Tuna gigabaiti 400, na laini ya tawi ni megabiti 100 kwa sekunde. Zidisha kwa nane upate biti, gawanya, utaona sekunde 32,000, karibu saa tisa, tena laini ikiwa haina kazi nyingine, na mchana ina kazi. Kwa hiyo waraka ulipendekeza data inakiliwe Kitengela kwenye diski ya kubebeka, iliyofungwa kwa nenosiri, ipelekwe kwa gari kupitia Isinya, na ikifika ivute kwa laini mabadiliko ya saa chache tu yaliyotokea njiani. Mashine kuu lazima iamriwe kuyashikilia mabadiliko hayo hadi diski ifike. Kusahau amri hiyo kunakurudisha pale pale nakala ya GitLab ilipokwama.

Niliandika pia mambo ambayo nakala hii haitafanya. Karani akifuta rekodi kimakosa, ufutaji huo utafika Kajiado ndani ya sekunde hiyo hiyo. Kwa hilo dawa ni nakala rudufu ya kila usiku, inayojaribiwa kwa kurejeshwa, na hiyo ni bajeti nyingine. Vilevile, Kitengela nzima ikitoweka, Kajiado haitajipandisha yenyewe kuwa mashine kuu. Ikiwa Kajiado haiisikii Kitengela, haina njia ya kujua kama Kitengela imekufa au mchimbaji amekata faiba barabarani. Ikijipandisha ilhali Kitengela iko hai, tutakuwa na mashine kuu mbili, kila moja ikipokea amana zake, na kuziunganisha baadaye ni kazi ya wiki. Uamuzi huo niliuacha kwa mtu, anayepiga simu Kitengela kwanza na kuhakikisha mashine ya huko imezimwa.

Kuna jambo dogo la uangalizi ambalo niliomba liingie kwenye waraka neno kwa neno, kwa sababu lilituumiza. Kengele yetu ya zamani ilipima nakala imechelewa kiasi gani, kwa swali hili:

```
SELECT application_name, sync_state, replay_lag
FROM pg_stat_replication;
```

Swali linaonyesha nakala zilizounganishwa tu. Nakala ikizimika, mstari wake haugeuki mwekundu wala kuonyesha ucheleweshaji mkubwa, unatoweka. Kengele inayosoma ucheleweshaji haina cha kusoma, hivyo inanyamaza. Ndivyo ilivyonyamaza zile dakika nne. Sasa tunahesabu mistari, na ikipungua chini ya miwili simu ya zamu inalia.

Upande wa pesa niliomba mashine moja, diski mbili ndani yake, betri mpya tatu, na laini ya pili ya tawi kutoka kampuni tofauti. Bei nilichukua za wiki ile kwa wauzaji, nikaambatisha karatasi zao. Sikuweka makadirio ya hasara ambayo nisingeweza kuyatetea mbele ya bodi. Niliweka saa za kaunta kufungwa, saa 26 za mashine moja, na orodha ya risiti 19 kwa namba zake. Mhasibu aliipitia orodha hiyo kwa kalamu, mstari kwa mstari, kwa makini zaidi kuliko alivyopitia ukurasa wowote mwingine.

Bodi ilikubali mashine, diski na betri. Laini ya pili imesogezwa hadi bajeti ya mwaka ujao, kwa hiyo kwa sasa Kajiado inaning'inia kwenye faiba moja. Inapokatika, hesabu inashuka kutoka miwili hadi mmoja, simu yangu inalia, makeshia wa Kajiado wanasubiri, na Kitengela inaendelea na kazi kwa uthibitisho wa kitengela_b peke yake.